Baba ana miaka 71 na hajawahi kuugua moyo: je, aanze aspirini ndogo ya kila siku?

#1 Kijana wa Pangani
Wakuu, salaam. Baba yangu ametimiza miaka 71, anaishi Pangani, na kwa tunavyojua hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Jirani yetu, ambaye alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, humeza kila asubuhi kidonge cha aspirini cha miligramu 75, na amemshawishi baba kwamba mwanamume yeyote aliyepita miaka 50 anapaswa kufanya hivyohivyo ili mishipa ya moyo isizibe. Wiki iliyopita nilikuta dirishani mwa chumba chake pakiti mbili alizonunua dukani bila cheti cha daktari. Bado hajaanza, kwa kuwa anasubiri neno langu. Mimi ni fundi umeme na dawa sizijui. Nimwambie ameze au aache?

#2 Mkongwe wa Jukwaa
Mwambie ameze bila wasiwasi. Mimi nina miaka 63 na huu ni mwaka wa tisa naimeza kila siku baada ya chai, sijawahi kulazwa hata siku moja. Zamani kazini tuliletewa daktari aliyetufundisha kwamba aspirini kidogo kila siku ni kinga ya moyo kwa kila mtu mzima. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo, na imekuwapo duniani tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Ingekuwa na madhara makubwa ingekwisha kuondolewa madukani.

#3 Fundi Redio
Naungana na Mkongwe. Tatizo la wazee wetu ni damu nzito. Damu ikiwa nzito moyo hupata kazi kuisukuma, presha hupanda, halafu mshipa huziba. Aspirini huifanya damu iwe nyepesi, na presha nayo hushuka. Kwa hiyo kama mzee ana presha, hiyo ni sababu ya kuanza mapema zaidi.

#4 Dawa Muhimu
Nina duka la dawa muhimu, na kila siku nahudumia si chini ya watu watano wanaotaka hizi ndogo. Wengi hawana cheti, na wakiulizwa kwa nini wanazitaka hujibu kwamba ni za moyo, basi. Kijana wa Pangani, angalia kama zile za baba yako zina ganda linalong'aa juu. Zenye ganda haziyeyuki tumboni, huyeyuka utumbo mdogo, kwa hiyo hazileti vidonda vya tumbo. Mimi huwapa wazee hizo tu, nami nawashauri wasizitafune.

#5 Tabibu wa Bara
Naomba nichangie kwa kirefu, kwa kuwa nipo wodi ya magonjwa ya ndani kwa mwaka wa kumi na nne na swali hili hunijia kila wiki.

Kwanza, ndugu Fundi Redio, aspirini haibadilishi uzito wa damu wala haishushi presha. Damu ya anayeimeza ni nzito vilevile kama ya asiyeimeza. Inachofanya ni kuzizuia chembe sahani zisishikamane. Hizi ni chembe ndogo ambazo kazi yake ni kukimbilia mahali mshipa ulipopasuka na kuziba tundu, ndizo zinazofanya kidole kilichokatwa na kisu kiache kutoka damu. Ndani ya mishipa ya moyo iliyojengeka mafuta ukutani, chembe hizohizo zinaweza kukosea: utando wa mafuta ukichanika, zenyewe huona ni jeraha, hurundikana hapo, na bonge la damu likaziba njia. Kidonge kimoja huzilemaza kwa maisha yao yote, ambayo ni kati ya siku 7 na 10, kwa sababu haziwezi kujitengenezea upya kile ambacho aspirini imekiharibu. Ndiyo maana dozi ndogo sana inatosha, na ndiyo maana anayetokwa damu hawezi kusema basi leo sikumeza, nitakuwa salama.

Kwa hiyo dawa inayozuia bonge baya ndiyo hiyohiyo inayozuia bonge jema. Swali la kumuuliza mzee ni moja kabla ya mengine yote: je, mshipa wake umewahi kuziba? Kama amepata shambulio la moyo, au kiharusi cha kuziba, au amewekewa stenti ya kufungua mshipa wa moyo, hatari ya kuziba tena ni kubwa na aspirini ina faida iliyo wazi. Kama hajawahi, hatari ya kuziba ni ndogo, wakati hatari ya kutokwa damu iko palepale.

Nijibiwe mambo matatu: presha yake ikipimwa inasoma ngapi, amewahi kuwa na vidonda vya tumbo, na ni dawa gani nyingine anazitumia, pamoja na zile za maumivu ambazo wazee hawazihesabu kuwa dawa.

#6 Hesabu Tu
Mimi ni mwalimu wa hisabati, na baada ya mama yangu kuanzishiwa dawa hizi nilijifunza kusoma tafiti zenyewe. Naweka takwimu chache tu, kwa watu 1,000, ili kila mtu aone mizani anayoizungumza Tabibu.

Kwa waliokwisha kuugua, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya watu 1,000 wasiomeza, 82 hupata tukio jingine zito la moyo au kiharusi kila mwaka. Wanaomeza ni 67. Watu 15 kuokolewa kila mwaka si jambo dogo.

Kwa wazee wasiowahi kuugua, kama baba yake Kijana wa Pangani, upo utafiti wa ASPREE, uliotolewa mwaka 2018, uliowafuatilia watu 19,114 wa Australia na Marekani kwa karibu miaka mitano. Wengi walikuwa na miaka 70 au zaidi. Nusu walimeza aspirini ya miligramu 100 na nusu kidonge kitupu kisicho na dawa. Matukio ya moyo na kiharusi kwa mwaka yalikuwa 10.7 kwa kila 1,000 waliomeza na 11.3 kwa wasiomeza, tofauti ambayo inaweza kuwa ya bahati tu. Kutokwa damu kwa hatari kulikuwa 8.6 kwa waliomeza na 6.2 kwa wasiomeza, na tofauti hiyo si ya bahati. Ukiniuliza mimi, mzee wa miaka 71 ananunua hasara.

#7 Mkongwe wa Jukwaa
Mwalimu, umechagua utafiti unaokufaa. Mbona madaktari wa Marekani walijipima wao wenyewe miaka ya themanini na kuona aspirini inapunguza mashambulio ya moyo karibu nusu? Tuliambiwa hivyo kwenye ile semina, na yule daktari hakuwa mwongo.

#8 Hesabu Tu
Hakuwa mwongo, mzee wangu, na shikamoo. Utafiti huo upo na ripoti yake ya mwisho ilichapishwa mwaka 1989: madaktari wanaume 22,071, waliomeza miligramu 325 siku moja na kuacha siku moja. Mashambulio ya moyo yalipungua kwa asilimia 44. Lakini vifo vyote vya moyo na mishipa vikijumlishwa havikupungua. Tena wengi wao walikuwa watu wa makamo, si wazee wa miaka 71.

#9 Tabibu wa Bara
Swali la kwa nini faida ile ilionekana wakati ule na sasa haionekani bado linajadiliwa, nami sitajifanya nina jibu moja. Wapo wanaosema ni kwa sababu siku hizi watu wanapata dawa za statini za kupunguza lehemu, wanadhibiti presha vizuri zaidi na wanavuta sigara kidogo, kwa hiyo kazi ambayo aspirini ingefanya imekwisha kufanywa na vitu vingine. Maelezo hayo nayapenda, ila yana pengo kwetu: wagonjwa wangu wengi hawajawahi kuiona statini, na presha zao hazijadhibitiwa. Mtu anaweza kudai kwamba wao wanafanana zaidi na watu wa miaka ya themanini.

#10 Fundi Redio
Basi hapo umenisaidia mimi, Tabibu. Ikiwa wetu wanafanana na wale wa zamani, si wameze?

#11 Tabibu wa Bara
Ningekubali kama isingekuwa presha yenyewe. Mshipa wa ubongo unaopigwa na presha kubwa kwa miaka mingi huchakaa na unaweza kupasuka. Ukipasuka ndani ya mtu ambaye chembe sahani zake zimelemazwa, damu huenea zaidi. Kwa hiyo presha isiyodhibitiwa, ambayo wewe uliitaja kuwa sababu ya kuanza, kwangu ni sababu ya kusubiri. Ishushwe kwanza, walau chini ya 150/90, ndipo mazungumzo ya aspirini yaanze, kama yanahitajika kabisa.

#12 Mama Kandili
Nimekuwa nikisoma kimya. Nitasimulia ya mama yangu, kisha kila mtu apime.

Mama alikuwa na miaka 68, hana historia ya moyo. Alianza kidonge hiki kwa ushauri wa shoga yake wa kikundi cha kuweka na kukopa, na hakutuambia kwa kuwa aliona ni jambo dogo. Magoti yalimsumbua, akawa anameza diklofenaki kila yanapouma, ambayo ni karibu kila siku wakati wa kupalilia. Baada ya kama miezi minne akaanza kulalamika kuchoka. Kupanda ngazi tatu za baraza lazima akae. Tulisema ni umri. Siku moja mdogo wangu alipokwenda kusafisha choo aliita kwa sauti. Choo cha mama kilikuwa cheusi kabisa, kinanata kama lami ya barabarani, na harufu yake haikuwa ya kawaida, ilikuwa nzito kama ya damu iliyoharibika. Mama akasema kwa utulivu kwamba kimekuwa hivyo kwa siku sita, na alidhani ni mboga za majani.

Tulipofika hospitali viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Damu ilisoma 5.4 wakati mwanamke wa kawaida huwa juu ya 12. Aliongezewa chupa tatu, na waliotoa damu ni mimi, shemeji na kijana mmoja wa jirani. Walipompitisha mpira wenye kamera walikuta kidonda kinachovuja. Mama hakuwahi kusikia maumivu ya tumbo hata mara moja. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo, kwamba tulikuwa tukingoja maumivu kama dalili.

#13 Dawa Muhimu
Pole sana dada, na nashukuru kwa kulieleza wazi. Nina swali la kitaalamu. Je, vidonge vya mama vilikuwa na ganda au vilikuwa vya kawaida?

#14 Mama Kandili
Vilikuwa na ganda. Nilizihifadhi pakiti, na daktari aliziangalia.

#15 Tabibu wa Bara
Dawa Muhimu, nakuheshimu kwa kuuliza, kwa sababu imani hii ya ganda imeenea hata kwa wenzetu wa wodini. Ganda hupunguza ule mwasho wa dawa kugusa ukuta wa tumbo, ndiyo maana wengine husikia nafuu ya kiungulia. Lakini kidonda chenyewe hakiletwi na kuguswa tu. Tumbo lina ute unaolilinda dhidi ya asidi yake lenyewe, na mwili huutengeneza kwa msaada wa kemikali ambayo aspirini huizuia. Dawa ikishaingia kwenye damu, iwe iliyeyukia tumboni au kwenye utumbo, itarudi kulifikia tumbo kwa njia ya mishipa na kuuondoa ulinzi huo. Ganda halizuii hilo.

Kisa cha mama yake Mama Kandili kina jambo la pili, nalo ni ile diklofenaki. Zikitumika mbili kwa pamoja, ulinzi wa tumbo hubomolewa kutoka pande mbili. Katika wodi yangu wazee wanaoletwa na choo cheusi, ukiuliza kwa subira, mara nyingi unakuta dawa ya magoti au ya mgongo nyuma yake. Niongeze kwamba vidonge vya kuongeza damu vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kiwe cheusi, ila hakinati wala hakina harufu ile. Mwenye shaka asikae nyumbani kupambanua, aende apimwe damu.

#16 Dawa Muhimu
Nimekubali na nitabadili maneno yangu kaunta. Ila wateja huniuliza kama wakinywa na omeprazo watakuwa salama.

#17 Tabibu wa Bara
Omeprazo hupunguza sana damu ya tumbo la juu, nami humwandikia mgonjwa wa moyo aliye mzee au aliyewahi kuwa na vidonda. Lakini haizuii damu ya ubongo wala ya utumbo wa chini. Na si busara kuongeza dawa ya pili ili kuvumilia dawa ya kwanza ambayo mtu hakuihitaji. Kwa mwenye historia ya vidonda kuna pia kumpima yule bakteria wa tumbo, Helikobakta, ambaye wengi kwetu wanaye, na kumtibu kabla ya kuanza.

#18 Mswahili Maskati
Assalamu alaykum. Uzi huu umenigusa. Niko Maskati kikazi, na baba yangu yuko Unguja. Ana miaka 69 na anameza hiyo aspirini pamoja na klopidogreli tangu alipowekewa stenti ya moyo miezi saba iliyopita. Niliposoma kisa cha Mama Kandili nimempigia simu sasa hivi nikamwambia aziache zote mbili mpaka nitakaporudi likizo mwezi ujao. Ahsanteni kwa kutuzindua.

#19 Tabibu wa Bara
Ndugu yangu, wa alaykum salaam, tafadhali mpigie tena kabla hujamaliza kusoma sentensi hii, umwambie asiache hata dozi moja. Stenti ni waya uliosukwa kama wavu mdogo, umewekwa ndani ya mshipa wa moyo kuufungua. Mpaka ukuta wa mshipa uufunike vizuri, chembe sahani huuona kama kitu kigeni na hutaka kurundikana juu yake. Dawa mbili hizo ndizo zinazozizuia. Anayeziacha ghafla katika mwaka wa kwanza anaweza kuzibwa stenti nzima kwa saa chache, na wengi wa wanaopatwa na hilo hupata shambulio la moyo au hufa. Kama baba ana choo cheusi, au anatokwa damu mahali, aende leo kwa daktari wake wa moyo. Uamuzi wa kuondoa dawa moja, ipi, na lini, ni wa huyo. Hata akitaka kung'oa jino, amwambie daktari wa meno kwamba ana stenti, asijiachishe mwenyewe wiki moja kabla.

#20 Mswahili Maskati
Nimempigia. Alikuwa ameshaziweka ndani ya kabati na kufunga ufunguo, kwa kuwa mimi ni mwanawe mkubwa na hanipingi. Dozi ya leo hakuwa ameikosa bado, amezimeza huku nikimsikiliza kwenye simu. Nimeogopa kweli.

#21 Mkongwe wa Jukwaa
Hii ndiyo hatari ya kuwatisha watu kwa takwimu. Mwalimu, umeona? Uzi wa mtu mmoja nusura umuue baba wa mwingine.

#22 Hesabu Tu
Ni kweli, mzee, na nilipaswa kuandika kwa herufi kubwa kwamba namba za pili ni za wasiowahi kuugua pekee. Baba wa ndugu yetu wa Maskati yuko katika lile fungu la kwanza, la 82 na 67. Naomba Mswahili Maskati anisamehe.

#23 Kijana wa Pangani
Nimerudi na majibu ya Tabibu. Nimempeleka baba zahanati akapimwe mara mbili kwa siku tofauti, akiwa amepumzika. Presha ya kwanza 172/98, ya pili 168/96. Hakuwahi kujua kwamba ana presha. Kuhusu vidonda, anasema mwaka 2006 aliwahi kutapika kitu kama machicha ya kahawa akalazwa siku nne, lakini kwa kuwa alipona hakuona haja ya kulitaja. Na dawa za maumivu, hutumia diklofenaki kwa mgongo kama mara tatu kwa wiki, anazinunua mbilimbili.

#24 Tabibu wa Bara
Kijana, umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Hebu tumtazame mzee wako kama alivyo sasa.

Kile kitu kama machicha ya kahawa kilikuwa damu iliyokaa kwenye asidi ya tumbo. Kwa hiyo baba yako alishatokwa damu ya tumbo mara moja, na aliyetokwa mara moja ana hatari kubwa zaidi ya kutokwa tena. Presha yake ni ya juu na haina dawa, kwa hiyo mishipa ya ubongo iko hatarini. Diklofenaki inaongeza hatari ya kidonda, nayo pia huipandisha presha, hasa kwa wazee. Mwishowe ana miaka 71, umri ambao utafiti aliouleta Mwalimu haukuona faida. Kila upande ninaoutazama unanielekeza kumwambia asianze. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani nalo, katika mwongozo wake wa Aprili 2022, liliwashauri watu wa miaka 60 na zaidi wasiianze kwa ajili ya kujikinga na tukio la kwanza.

Kitakachomkinga baba yako na kiharusi ni dawa ya presha ya kila siku. Mpeleke kliniki, apimwe pia figo, sukari na lehemu, na aulize kama anafaa statini. Mgongo atumie parasetamoli kwa sasa, diklofenaki iachwe.

#25 Mjukuu wa Likoni
Hamjambo kutoka Mombasa. Mimi nina swali tofauti. Mamangu ana miaka 55, ana kisukari kwa miaka kumi na moja, hajawahi kuugua moyo, hana vidonda, presha imetulia kwa dawa. Daktari mmoja alimwanzishia aspirini, wa pili akaiondoa, wa tatu akasema ni hiari yake. Tumshike nani?

#26 Hesabu Tu
Safari hii natanguliza onyo: haya ni kwa wenye kisukari ambao hawajawahi kuugua moyo. Waingereza waliwafuatilia watu 15,480 wa namna hiyo kwa wastani wa miaka 7.4, katika utafiti uitwao ASCEND. Kati ya 1,000 waliomeza, 85 walipata tukio zito la mishipa, na wasiomeza 96. Waliotokwa damu vibaya ni 41 kwa waliomeza na 32 kwa wasiomeza. Yaani watu 11 wamenusurika na 9 wameumia. Sijui namna ya kuzisema namba hizo zikampa mama jibu.

#27 Tabibu wa Bara
Ndiyo maana madaktari watatu wamesema matatu, na hakuna aliyekosea waziwazi. Kwa mtu wa miaka 40 hadi 59 mwenye hatari kubwa, mwongozo ule wa 2022 unaacha uamuzi kwake na daktari wake. Mimi ningemuuliza mama kwanza kama anameza statini, kwa kuwa faida yake kwa mwenye kisukari ina uhakika zaidi na haimletei damu ya tumbo. Akishakuwa nayo, kinachobaki kwa aspirini ni kidogo. Lakini daktari mwenzangu anayetoa uzito zaidi kwa shambulio la moyo kuliko kidonda kinachotibika ana hoja.

#28 Fundi Redio
Nilisoma mahali kwamba dozi ndogo huwafaa wenye uzito chini ya kilo 70 na haiwatoshi wanene. Mama wa Likoni akipimwa uzito si tatizo limekwisha?

#29 Hesabu Tu
Wazo hilo lilitolewa mwaka 2018 na lilivutia wengi, lakini utafiti wa ASCEND ulipoangaliwa kwa uzito wa watu haukulithibitisha. Halijazikwa, ila mimi nisingemweka mama yangu kwenye mizani kwa ajili hiyo.

#30 Dawa Muhimu
Nami naongeza jambo la dukani. Dar es Salaam ilipopata homa ya dengi mwaka 2019, watu walikuja na homa na maumivu ya mwili wakitaka aspirini. Dengi yenyewe hupunguza chembe sahani. Mwenye kumeza hii ndogo kila siku akapata homa ya namna hiyo, amwambie daktari mapema kwamba anaimeza.

#31 Mkongwe wa Jukwaa
Tabibu, umewajibu wote ila mimi. Nina miaka 63, miaka tisa ya kumeza, sijawahi kuugua moyo. Niiache kesho?

#32 Tabibu wa Bara
Shikamoo mzee. Ushauri nilioutoa ni wa kutokuanza, na ushahidi wa lini aliyekwisha kuzoea aache si mwingi. Jopo lile lilisema kuacha kufikiriwe karibu na miaka 75. Kwako ningependa kwanza kujua presha, kiwango cha damu, na kama yule daktari wa semina aliwahi kukupima mwenyewe au aliwahutubia wote kwa pamoja.

#33 Mkongwe wa Jukwaa
Alituhutubia wote. Tulikuwa kama mia mbili ukumbini. Nitakwenda kupima Jumatatu.

#34 Mama Kandili
Na ikitokea mtu kifua kinambana ghafla, jasho linamtoka, mkono wa kushoto unauma? Hapo pia tusimpe?

#35 Tabibu wa Bara
Hapo ni jambo jingine kabisa. Kwa mtu mzima asiye na mzio wa aspirini wala kutokwa damu, miligramu 300 zitafunwe mara moja wakati gari linatafutwa, yaani hizi ndogo nne za 75. Faida hiyo ilithibitishwa mwaka 1988 kwa zaidi ya wagonjwa 17,000: vifo vilipungua kwa karibu robo. Lakini kama mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, msimpe, kwa sababu kiharusi kinaweza kuwa cha kupasuka, na hakuna anayeweza kujua kwa macho.

#36 Kijana wa Pangani
Wakuu, ni wiki ya sita sasa. Baba anatumia amlodipini, presha ya juzi ilisoma 144/86, na mgongo anauvumilia. Zile pakiti mbili nimezirudisha dukani, hawakurudisha fedha lakini wamezipokea. Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza jirani. Jirani akamwuliza kama na yeye aache.

#37 Tabibu wa Bara
Asiache kwa maneno ya baba. Ila muulize: alipopata kiharusi, alipigwa picha ya kichwa? Cha kuziba aendelee, cha kupasuka ni hadithi nyingine.

#38 Kijana wa Pangani
Nimemuuliza jioni hii. Hakupigwa picha. Mashine ya karibu ilikuwa mbali na familia haikuwa na nauli, wakampa dawa za presha na aspirini akaruhusiwa.

#39 Tabibu wa Bara
Basi huyo aje kliniki na cheti chake cha siku ile, hata kama kimechanika. Aliyemtibu huenda ameandika kama alipoteza fahamu, kama alitapika, na presha ilisoma ngapi alipofika. Hayatatupa uhakika, na picha ya leo huenda isionyeshe tena kilichotokea miaka miwili iliyopita, lakini tutaanzia hapo.